Usifupishe mzunguko wa fedha kwa kumchelewesha msambazaji

Swali: "Wakuu, nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi Morogoro. Mwaka jana nimeuza mil 730, kununua mzigo huo kumenigharimu mil 584. Stoo nina mzigo wa mil 96, ninaowadai wana mil 80, msambazaji ananidai mil 48. Mzunguko wangu wa fedha ni siku 70. Mshauri kasema nimlipe msambazaji baada ya siku 60 badala ya 30, mzunguko ushuke hadi 40, hela itakayobaki nifungue tawi Kilosa. Hesabu yake inafanywaje, nitumie Excel au programu ya duka, na tawi lianze na mtaji gani?"

Usifanye hivyo. Kama umeshaenda kuangalia fremu Kilosa, usitoe hata kodi ya mwezi mmoja. Kosa hili nalijua kwa gharama yake, na inauma kuona bado kuna watu wanaliuza kama ushauri.

Hesabu kwanza, maana ndiyo itakayokuonyesha shimo lilipo. Gawa mil 584 kwa siku 365: kila siku unatoa mzigo uliokugharimu mil 1.6. Mzigo wa mil 96 ukigawa kwa 1.6 ni siku 60. Mauzo ni mil 2 kwa siku, kwa hiyo madeni ya wateja ya mil 80 ni siku 40. Msambazaji ana mil 48, nazo ukigawa kwa 1.6 ni siku 30. Sitini ongeza arobaini, toa thelathini: 70, ndizo siku hela yako inakaa nje tangu umlipe msambazaji hadi mteja akulipe. Angalia tu usigawe mzigo wa stoo kwa mauzo. Ungepata siku 48 na ukajiona uko vizuri, kumbe umechanganya bei ya kununulia na ya kuuzia.

Sasa huyo mshauri wako. Kachukua namba ya tatu, kaiongeza kutoka 30 hadi 60, jibu likashuka, akakupa mkono. Kwenye karatasi yuko sahihi: siku 30 mara mil 1.6 ni mil 48 zitakazobaki mkononi mwako. Lakini mil 48 hizo ni za nani? Hakuna mfuko wa saruji uliotoka haraka zaidi, wala mteja aliyelipa mapema. Ni hela ya msambazaji, umeikalia bila ridhaa yake. Na inakuja mara moja tu. Ukishafika siku 60 ukakaa hapo, mwezi unaofuata hakuna mil 48 nyingine, ila deni la mil 96 unalo kila siku.

Halafu unataka kuipeleka Kilosa, iwe rafu, kaunta, kodi ya fremu na mzigo mpya ambao nao utalala. Hapo ndipo duka linapofia. Msambazaji akichoka hakuandikii barua ya kukupa miezi mitatu. Anaanza na "lori limeharibika", kisha "leo pokea nusu", kisha anataka hundi ya tarehe ya mbele, na mwisho anasema mali kauli imekwisha, njoo na taslimu. Siku hiyo mil 48 iliyopita muda anaitaka yote, na mzigo wa kila siku wa mil 1.6 unaulipa kabla haujapakiwa. Deni lililobaki nalo litaiva ndani ya mwezi. Mzunguko haurudi 70, unakwenda 100, kwa sababu siku za kulipa zimekuwa sifuri. Ili kuziba pengo hilo unahitaji mil 96, na nusu yake umeshaipigilia misumari Kilosa.

Hili limewakuta wakubwa kuliko sisi. Nakumatt, supamaketi ya Kenya, ilikuwa na matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 wasambazaji waliokuwa hawajalipwa waliacha kuleta bidhaa, rafu zikawa tupu, na Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi. Supamaketi inauza kwa taslimu, mzigo wake unatoka kila siku, na bado haikuhimili. Wewe unawakopesha makandarasi.

Tuseme ana roho nzuri asikate. Atapandisha bei. Akikuongezea asilimia 2 tu kwa kuwa unalipa kwa kuchelewa, asilimia 2 ya mil 584 ni karibu mil 11.7 kwa mwaka. Umelipa mil 11.7 ili ukae na mil 48, yaani asilimia 24 kwa mwaka. Na utaitafuta kwenye vitabu usiione, maana haitaandikwa riba, itajificha ndani ya bei ya kila nondo. Mshauri aliyekuchorea jedwali bila kukuuliza bei itakuwaje hajawahi kupokea mzigo, na mimi hasira yangu iko hapo.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: anza na mzigo, fuata wadaiwa, msambazaji awe wa mwisho, tena kwa makubaliano.

Ingia stoo na daftari. Ile 60 ni wastani, na wastani unaficha. Hesabu kila bidhaa: idadi iliyopo gawa kwa inayotoka kwa siku. Mathalani saruji mifuko 360, inatoka 40 kwa siku, ni siku 9. Hiyo usiiguse, kwa sababu fundi akikosa saruji kwako anahama na orodha yake yote. Vigae maboksi 640, yanatoka mawili kwa siku, ni siku 320. Kila boksi umelinunua 30,000. Ukibaki na 120, ambayo bado ni ya siku 60, umetoa mil 15.6 kutoka bidhaa moja tu. Maboksi mawili matatu ya toleo ambalo rangi yake haifanani na jipya ndiyo kwanza ya kuuza kwa bei ya hasara, maana hayatoshi hata choo kimoja. Fanya hivyo na vitasa na rangi, mzigo wote ukishuka hadi wastani wa siku 45 umepata mil 24.

Wadaiwa nao siku 40 inakudanganya. Kama nusu ya mauzo yako ni taslimu, ya mkopo ni mil 1 kwa siku, kwa hiyo wakopaji wako wanalipa baada ya siku 80! Panga ankara kwa umri wake, na mwenye ankara iliyopita muda asipakiwe mzigo mwingine mpaka ailipe. Anayelipa ndani ya siku 30 mpunguzie asilimia 1. Kwa kumwahisha siku 50, punguzo hilo ni kama asilimia 7 kwa mwaka, bei nafuu kuliko ile 24. Wakishuka kutoka 80 hadi 60, ile 40 inakuwa 30, na umepata mil 20.

Jumla mil 44, mzunguko siku 45, na msambazaji bado unamlipa siku ya 30. Baada ya miezi sita ya kulipa bila kukosa, mwendee na rekodi hiyo umwombe siku 45 kwa maandishi, na bei ileile iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Akikataa bei, baki na 30.