Bamvua si mwezi wala msimu

Swali: "Kikundi chetu cha akina mama wakulima wa mwani hapa Micheweni kinaomba mkopo nje ya nchi, na mimi ndiye ninayetafsiri mchanganuo wa biashara. Kwenye uchambuzi wa soko pana sentensi hii: 'Tunauza tani 2 kila bamvua, na soko la uhakika lipo.' Bamvua kwa Kiingereza niandike mwezi au msimu?"

Yote mawili yatawaponza. Bamvua ni siku za maji kujaa na kupwa sana, nayo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kila baada ya siku 14 au 15. Ukiandika mwezi, msomaji atazidisha tani 2 kwa 12 apate 24, na nusu ya mauzo itakuwa imepotea. Ukiandika msimu, huyo mtu wa nje atakisia misimu yetu ni mingapi, na hapo hesabu ndiyo itapotea kabisa. Eleza waziwazi kwamba wanauza kila baada ya wiki mbili hivi, kwa kufuata siku ambazo maji hupwa sana.

Kisha taja jumla ya mwaka, ila usiipate kwa kuzidisha. Mwaka una bamvua 24 au 25, lakini "kila" ya mazungumzo si "kila" ya mkopeshaji. Masika mwani haukauki vizuri, na joto la kaskazi likizidi unakufa baharini. Muombe katibu daftari la mauzo, uhesabu bamvua walizouza kweli. Tuseme ni 19: hizo ni tani 38, si 48. Jedwali la mapato nalo likague: gawa mapato ya mwaka kwa bei ya kilo. Usipopata kilo 38,000 au karibu na hapo, warudishie wenyewe waamue lipi sahihi. Wewe usirekebishe kimyakimya, kwani mchanganuo ni wao.

Hilo "soko la uhakika" mimi linanitia wasiwasi zaidi kuliko bamvua. Kwetu maana yake ni kwamba mwani haujawahi kulala ghalani. Mkopeshaji akilisoma neno kwa neno atadai mkataba uliotiwa saini. Kama upo, taja muda wake na kiasi alichoahidi mnunuzi. Kama kuna wakala tu anayewapa kamba na taitai, na wao humuuzia yeye, basi andika hivyo hivyo, na useme kwamba bei anapanga yeye, ikiwa ndivyo. Inapunguza utamu wa maombi, najua, lakini atakayekuja kukagua atayasikia hayo hayo pale pwani.

Jambo jingine dogo: hizo tani 2 ni za mwani mkavu au mbichi? Tena ni mwani wa aina gani, spinosamu au kotonii? Kotonii ina bei kubwa zaidi, na mwani mbichi ukikauka uzito wake hushuka mara kadhaa. Sentensi yenu haisemi, kwa hiyo ulizia kabla hujagusa Kiingereza.