Daraja la Maxwell: usisome namba sauti inapofifia mara ya kwanza

Wanaoanza umeme katika karakana za Mtwara na Lindi hujikwaa hapa wanapopima koili kwa daraja la Maxwell, saketi ya mikono minne: koili ina vitu viwili visivyojulikana, induktansi Lx na ukinzani Rx, kwa hiyo daraja lina masharti mawili ya usawa, na yote mawili lazima yatimie kwa pamoja.

Weka koili kwenye mkono mmoja. Mkono unaoielekea uwe na R1 sambamba na kapasita C1, na mikono miwili iliyobaki iwe na R2 na R3. Daraja likitulia:

```
Rx + jωLx = R2·R3·(1/R1 + jωC1)
Rx = R2·R3/R1
Lx = R2·R3·C1
```

Herufi ω, ambayo ni 2π mara masafa ya chanzo, imejitoa yenyewe, na ndiyo maana masafa hayo hayaingii kwenye jibu. Lakini tazama R3: imo kwenye milinganyo yote miwili, ilhali R1 imo kwenye mmoja tu. Kapasita ya kurekebisha ni adimu, hivyo wengi wetu huiacha C1 ilivyo na kuzungusha R3 na R1. Hapo ndipo shida inapoanza.

Chukua R2 = 1000 Ω, C1 = 0.1 µF, chanzo cha 1 kHz na hedifoni za kusikilizia. Koili ni ya 82 mH na 82 Ω. R1 ikiwa 5000 Ω, ukizungusha R3 sauti itafifia zaidi karibu na 782 Ω, kisha itapanda tena. Ukisoma hapo utapata 78 mH, ambayo haishtui, lakini ukinzani utakuwa 156 Ω, karibu mara mbili ya ule wa kweli. Sauti imefifia ila haijakatika. Hamia R1: itashuka tena karibu na 9540 Ω. Rudi R3, sasa 819 Ω. Endelea kupokezana hadi 820 Ω na 10 000 Ω, ambapo mguso wowote wa kitasa chochote unairudisha sauti.

Koili yenye ukinzani mkubwa kuliko ωLx yake itakuzungusha mara nyingi zaidi, basi vumilia. Kama ina kiini cha chuma, punguza volti za chanzo, kwa kuwa induktansi yake hubadilika na mkondo, na mlio mwembamba unaobaki mwishoni ni wa masafa ya juu yanayozalishwa na chuma chenyewe.

Maltimita ikikupa 70 Ω kwa koili hiyohiyo, usilikatae daraja. Maltimita hupima shaba tu kwa mkondo mnyoofu, nalo daraja hujumlisha na upotevu wa kwenye kiini. Andika pia halijoto: shaba huongeza ukinzani kama 0.39% kwa kila nyuzi, hivyo waya wa 70 Ω kwa nyuzi 20 utakuwa kama 73 Ω mchana wa nyuzi 32.