Mistari myeusi kwenye video, na yule bwana harusi niliyemkata nusu uso

Jumapili nimeamka nakuta meseji ya bibi harusi mmoja, "Kaka, mbona mume wangu hana jicho moja?" Nikajua tu ni ile klipu ya keki.

Nilishuti simu ikiwa imelala, 1920 kwa 1080, halafu yeye anataka ya status, ya kusimama. Nikaingia CapCut, Ratio, 9:16, video ikakaa katikati kama mkanda, juu na chini kweusi. Nikaivuta na vidole viwili mpaka weusi ukaisha, nikatuma. Kumbe ukiivuta hivyo, upana wa pikseli 1920 unabaki kama 608 tu, yaani hata theluthi moja haifiki. Bibi harusi yuko kushoto anamlisha, bwana kulia, keki katikati, sasa theluthi hiyo itamuingiza nani? Iliingia keki na nusu ya mume wa mtu.

Na hizo 608 zinatanuliwa kujaza 1080, ndio maana sura inakuwa kama imepakwa mafuta. Ningeshuti 4K ningebaki na 1215, inatosha kabisa, lakini nilikuwa nabania memori. Nimejifunza kwa aibu, nyie jifunzeni bure.

Nilivyorekebisha ni hivi. Mtu akiwa mmoja anatembea, nakata klipu vipande pale anapohama, kila kipande nakisogeza mpaka yeye awe katikati. Wakiwa wawili wamekaa mbali kama hawa, usihangaike kuvuta. Nilitoa nakala ya klipu nikaiweka kwenye Overlay, moja nikaikata kwa Crop abaki bibi harusi, nyingine abaki bwana, kila moja upana uzidi urefu kidogo tu, kisha mmoja juu mwingine chini. Skrini inajaa, na picha haichujuki maana kila nusu inatumia urefu wote wa video. Nakala moja zima sauti, la sivyo MC anasikika mara mbili. Nyuso zikae mbali na ukingo wa chini, huko maandishi ya app yanaziba.

Halafu jamani, acheni kunitumia video iliyoshasevuwa na weusi wake! Hapo weusi ni sehemu ya picha, lazima niukate kwanza, na kwenye 1080 kwa 1920 picha yenyewe ni 608 tu kwenda juu, nikiisimamisha nabaki na upana wa 342. Hiyo haiokoki. Tafuta faili la mwanzo, na WhatsApp litume kama dokumenti, ukilituma kama video ya kawaida inabanwa.

Dada nikamtumia mpya usiku uleule. Kaiposti, laiki kibao, jina langu hakuna.