VO2max ya saa imeshuka ghafla: inatoka wapi, na ni ya kuamini kiasi gani

> "Saa yangu ilikuwa inanipa VO2max 48. Wiki hii imeshuka hadi 44 na wala sijaacha kukimbia. Hii namba inatoka wapi, na niiamini kiasi gani?"

VO2max ni kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wako unaweza kutumia, kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Saa haipimi oksijeni hiyo hata kidogo. Kipimo chenyewe hufanywa maabara: unavalishwa barakoa, unakimbia kwenye mashine huku kasi ikipandishwa mpaka uishiwe nguvu, na hewa unayovuta na kutoa inachunguzwa. Saa ina mambo mawili tu ya kushika, kasi yako na mapigo ya moyo. Kasi inaionyesha mwili wako unadai oksijeni kiasi gani. Mapigo yanaionyesha umetumia sehemu gani ya uwezo wako. Kutoka hapo inakisia uwezo wote.

Kila kampuni huficha hesabu yake kamili, lakini msingi wake unaweza kuufuata kwa karatasi na kalamu. Kwa kukimbia mahali tambarare:

```
VO2 = 0.2 × kasi + 3.5
```

Kasi hapo ni mita kwa dakika, na 3.5 ni oksijeni unayotumia ukiwa umetulia tu. Tuseme una miaka 40 na unakimbia kilomita 10 kwa saa, yaani mita 166.7 kwa dakika. Unapata 33.3 ya mbio na 3.5 ya kutulia. Mapigo yako ukipumzika ni 60, saa imeweka kikomo cha 180 (220 ukitoa umri), na mbioni ulikuwa 150. Kutoka 60 hadi 180 kuna mapigo 120, wewe umepanda 90, ambayo ni robo tatu. Gawanya 33.3 kwa 0.75, rudisha ile 3.5, unapata 47.9. Ndiyo 48 yako.

Sasa kimbia kasi ileile siku ya joto. Damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, jasho linapunguza maji ya damu, na moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Ukifika 158 badala ya 150, hesabu inatoa 44.3. Mapigo 8 tu yamekula karibu pointi 4, na mapafu na misuli yako ni vilevile. Usingizi mbaya, homa inayoanza au njia ya mchanga huleta matokeo ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuhuzunika, angalia hali ya hewa ya wiki hiyo.

Kosa kubwa zaidi, na ambalo watu wengi hawaligusi, ni kile kikomo cha mapigo. Kanuni ya umri ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au 12 ni jambo la kawaida kabisa. Kama kikomo chako halisi ni 192, mbio ileile ya mapigo 150 inatoa 52.3, si 47.9. Kwa sababu hiyo usilinganishe namba yako na ya mwenzako. Ukiwa mzima, kikomo hupatikana kwa kupasha mwili vizuri, kisha kupanda mlima kwa nguvu zote dakika mbili au tatu, mara tatu, ukiwa na mkanda wa kifuani unaopima mapigo. Namba ya juu uliyoiona iandike kwenye mipangilio ya saa. Mwenye shida ya moyo asijaribu bila daktari wake, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo asiitegemee namba hii, maana saa itamwona fundi kuliko alivyo.

Kuna pia kihisi cha mkononi. Saa ikilegea, mwanga unayumba na kihisi kinaweza kushika mdundo wa hatua badala ya moyo. Utaligundua kwenye grafu: mapigo yanaruka ghafla hadi 170 na kubaki hapo kama mstari, sawa na idadi ya hatua zako kwa dakika. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo na uikaze, au tumia mkanda wa kifuani.

Mimi ningeacha kuitazama namba kila siku. Mara moja kwa wiki, asubuhi ya baridi, kimbia dakika 30 mahali tambarare kwa kasi ileile, kisha soma wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Yakirudi 150, ile 44 ilikuwa ya joto, na saa itapanda yenyewe baada ya mbio kadhaa. Yakibaki 158 kwa wiki tatu, nawe umelala vizuri na huumwi, basi uwezo umeshuka kweli.