Chuo niliachia mwaka wa pili, niandikeje kwenye CV?

"Nilisoma Shahada ya Ualimu hapa Mtwara 2019 hadi 2021, ada ikanishinda. CV ya kazi ya ofisini Lindi niiandikeje?"

Pole kwa hilo la ada, ndugu. Usiandike "Shahada ya Ualimu, 2019–2021". Msomaji ataelewa umehitimu, na akiomba cheti ndipo mambo yanapoharibika. Neno la kuonyesha hukumaliza likae mstari uleule wa jina la kozi, si chini kwa maandishi madogo:

Masomo ya Shahada ya Ualimu (hayakukamilika), 2019–2021. Nimefaulu mihula 3 kati ya 6.

Hesabu mihula uliyofaulu masomo yote, si uliyokaa darasani. Kama muhula wa nne una sapu ambayo hukuirudia, usiuhesabu. Omba chuoni karatasi ya matokeo ya mihula hiyo, namba zako zilingane nayo.

Kama uliingia chuoni kwa Kidato cha Sita, hicho ndicho kinabaki kiwango chako cha juu cha elimu. Fomu ikiuliza, jaza hicho. Sababu ya kuacha isubiri usaili. Ukiulizwa, "ada" inatosha.