Prosesa 64 Hazikuzishinda 16: Pima Sehemu Isiyogawanyika Kabla ya Kununua Mashine

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniandikia kwamba programu yake ya kuchakata rekodi inaendeshwa kwenye mashine yenye prosesa 16, na kwamba wakubwa wake wako tayari kumnunulia yenye prosesa 64. Anataka kujua kama kazi itakwisha mara nne upesi zaidi. Haitakwisha hivyo, na ninamjibu kwa uchungu kidogo, kwa sababu jibu hilohilo niliwahi kulitoa kazini, mbele ya watu niliowaheshimu, nikaambiwa kwamba sina maono.

Programu yetu wakati huo ilisoma faili moja kubwa, ikachanganua kila mstari, ikapiga hesabu kwa kila rekodi, kisha ikaunganisha matokeo na kuyaandika kwenye diski. Kwa prosesa moja ilichukua dakika 100. Nilikuwa nimeiwekea alama za muda mwanzoni na mwishoni mwa kila hatua, kwa hiyo nilijua dakika hizo zilikokwenda: kusoma na kuchanganua dakika 6, hesabu dakika 90, kuunganisha na kuandika dakika 4. Hesabu za rekodi hazikutegemeana, hivyo ziligawanyika vizuri. Hatua nyingine mbili zilifanywa na uzi mmoja tu huku nyuzi nyingine zikisubiri. Ukifungua `top` na kubonyeza `1` katika dakika zile za mwanzo, uliona prosesa moja imekaribia asilimia 100 na nyingine zote zikiwa karibu na sifuri. Natamani kila anayeidhinisha ununuzi wa mashine angeonyeshwa skrini hiyo kwanza.

Sheria inayotawala jambo hili ina jina la Gene Amdahl, mmoja wa wasanifu wakuu wa IBM System/360, ambaye mwaka 1967 aliwasilisha makala fupi akitetea umuhimu wa prosesa moja yenye kasi. Fomula yenyewe haimo katika makala hiyo. Wengine ndio walioiandika baadaye kutokana na hoja yake:

```
S = 1 / (f + (1 - f) / N)
```

Hapa `N` ni idadi ya prosesa, `f` ni sehemu ya muda wa prosesa moja ambayo lazima ifanywe kwa mfuatano, na `S` ni mara ngapi programu inakuwa na kasi zaidi kuliko ilipokuwa na prosesa moja. Kwetu `f` ilikuwa 10 kwa 100, yaani 0.1. Lakini mimi hupenda kuhesabu kwa dakika, kwa sababu dakika hazibishaniwi: muda wote ni 10 kujumlisha 90 gawanya kwa `N`.

Kwa prosesa 4, zile dakika 90 zinakuwa 22.5, na jumla ni 32.5, kasi imeongezeka mara 3.1. Kwa prosesa 16, dakika 90 zinashuka hadi 5.6, jumla 15.6, na kasi ni mara 6.4. Kwa prosesa 64, dakika 90 zinakuwa 1.4, jumla 11.4, na kasi ni mara 8.8. Tazama kilichotokea kati ya 16 na 64: prosesa zimeongezeka mara nne, nasi tumeokoa dakika nne na kidogo. Hata ungeleta prosesa milioni moja, zile dakika 10 za mfuatano zingebaki palepale, na kasi isingeweza kuvuka mara 10.

Hesabu hiyo niliiandika kwenye karatasi moja nikaipeleka kikaoni. Haikusomwa. Mashine ya prosesa 64 ikanunuliwa, na kazi iliyokuwa ikichukua dakika 20 kwenye mashine ya prosesa 16 sasa ikachukua dakika 19. Hakuna aliyerudi kwangu kuniambia kwamba karatasi ile ilikuwa sahihi, na sitasema kwamba nimelisahau.

Msomaji makini ataona kwamba hata dakika 20 hazilingani na zile 15.6 za fomula. Tofauti hiyo ndiyo yenye habari muhimu, kwa maana fomula inatoa kikomo cha juu cha kasi tu. Inachukulia kwamba kugawa kazi hakuna gharama. Ili kujua gharama imejificha wapi, geuza hesabu: chukua kasi uliyoipima, kisha utafute `f` ambayo ingeizalisha. Watafiti Karp na Flatt walipendekeza kipimo hiki mwaka 1990:

```
e = (1/S - 1/N) / (1 - 1/N)
```

Kwa prosesa 4 tulipima dakika 33 na sekunde 20, yaani kasi ya mara 3, na `e` ikawa 0.11. Kwa prosesa 16 kasi ilikuwa mara 5, na `e` ikapanda hadi 0.15. Kwa prosesa 64 ikafika 0.18. Kama tatizo lingekuwa zile hatua mbili za mfuatano peke yake, `e` ingebaki karibu na 0.1 kila mara. Inapopanda pamoja na idadi ya prosesa, kuna gharama inayokua pamoja nazo, mara nyingi kitu ambacho prosesa zenyewe zinagombania. Kwetu ilikuwa jedwali moja la matokeo lililolindwa na kufuli moja: kila uzi ulipomaliza rekodi uliomba kufuli, na nyuzi zilivyozidi ndivyo foleni ilivyorefuka.

Baadaye niliruhusiwa kuigusa programu. Niliupa kila uzi jedwali lake na kuyaunganisha mwishoni, na kufuli likaondoka kwenye njia. Kisha nikahamisha uchanganuzi wa mistari. Katika zile dakika 6 za mwanzo, kusoma baiti kutoka diski kulichukua dakika 1 tu, na dakika 5 zilikuwa za kukata mistari na kugeuza maandishi kuwa namba, kazi ambayo uzi wowote unaweza kuifanya kwenye kipande chake cha faili, mradi kila kipande kianzie mwanzo wa mstari. Mfuatano ukashuka hadi dakika 5, na kazi inayogawanyika ikawa dakika 95. Kwa prosesa 16 hesabu inatoa 5 kujumlisha 5.9, yaani dakika 10.9, ambazo ni chache kuliko 11.4 ambazo mashine ya prosesa 64 isingeweza kuzishinda hata bila foleni ya kufuli. Tulipopima kwenye mashine ileile ya zamani yenye prosesa 16 tulipata dakika 12. Hilo najivunia waziwazi.

Wapo watakaokujibu kwa hoja ya mtafiti John Gustafson ya mwaka 1988, kwamba watu wenye prosesa nyingi hukuza tatizo badala ya kufupisha muda, na hivyo sehemu ya mfuatano hupungua kwa uwiano. Hoja hiyo ni ya kweli pale ambapo sehemu ya mfuatano haikui pamoja na data. Katika programu yetu ya awali, rekodi mara kumi zingeleta pia usomaji, uchanganuzi, uunganishaji na uandishi mara kumi, na 0.1 ingebaki 0.1. Anayekuletea hoja hiyo mwombe aendeshe programu kwa data mara mbili, kisha apime kama dakika za mfuatano zimeongezeka au zimetulia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usisaini karatasi ya ununuzi kabla hujaendesha programu yako kwa prosesa 1, 4 na 16 kwa data ileile, faili likiwa limehifadhiwa kwenye kumbukumbu katika majaribio yote au halimo kwenye kumbukumbu katika jaribio lolote, la sivyo utakuwa unapima diski. Kokotoa `e` kwa 4 na kwa 16. Ikitulia, tafuta hatua inayofanywa na uzi mmoja. Ikipanda, tafuta kufuli.