Mchuzi wa jana: utamu ni mmoja, usalama ni mwingine

*Mchuzi wa nyama wa jana huwa mtamu kuliko wa siku yenyewe. Mimi huacha sufuria jikoni usiku kucha ikiwa imefunikwa, asubuhi nauchemsha mpaka utokote. Si moto unaua kila kitu?*

Hapana, hauui kila kitu, na hili la moto nalisikia karibu kila wiki. Utamu wenyewe ni wa kweli. Nyama ya muundi ikichemka muda mrefu, mishipa yake hulainika ikawa jelatini, nayo mchuzi ukipoa hushika. Ndiyo maana ukiutoa kwenye friji hutikisika. Ukiupasha, rojo huwa nzito ulimini. Chumvi nayo huendelea kuzama kwenye minofu, na ukali wa vitunguu hupungua. Lakini hayo yote hutokea vizuri tu ndani ya friji. Sufuria haihitaji kulala jikoni.

Wapo bakteria wanaojifunga kama mbegu ngumu. Kuchemka hakuwaui. Mchuzi ukishuka chini ya nyuzi 60 wanaamka, na kwenye nyuzi 43 hadi 47 baadhi yao huongezeka maradufu kwa takriban dakika 10. Sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa kwenye vuguvugu hilo kwa saa nyingi. Asubuhi unawaua walio hai, ila wengine huwa wameshaacha sumu isiyovunjwa na kutokota. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, kwa hiyo kuonja hakukusaidii.

Tuseme umeepua lita 4 saa 2 usiku. Gawa mchuzi kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, uviweke kwenye beseni la maji baridi. Koroga, na ubadilishe maji yakipata moto. Kabla ya saa 4 viwe ndani ya friji. Vikiwa na uvuguvugu kidogo si neno. Kesho yake chota kile utakachokula tu. Kipashe huku ukikoroga mpaka kitokote katikati, si pembeni tu, kisha pasua pande kubwa la nyama: lifuke mvuke kutoka ndani. Kilichopashwa kisirudishwe kwenye friji. Kilichobaki humo kiliwe ndani ya siku 3. Kama huna friji, pika wa kuisha usiku huohuo.

Wanaowaambia watu watie ndimu au magadi ili "kuua uchachu" wanawadhuru. Ndimu inaficha ladha, sumu inabaki palepale. Na nyinyi wenye vibanda vya chakula mnaomimina mchuzi mpya juu ya mabaki ya jana ili sufuria isikauke: mabaki hayo yanaambukiza sufuria nzima, na wanaoula ni watu wengi kwa mchana mmoja. Yamwageni, muoshe sufuria, ndipo mpike upya.